Tufe lenye chaji, na kilele cha grafu kilichofichua kiini cha atomu

Mwaka 1904 mwanafizikia Mwingereza J. J. Thomson, aliyekuwa ameigundua elektroni miaka 7 kabla, alichapisha picha yake ya jinsi atomu ilivyo ndani. Alikuwa na fumbo mkononi. Elektroni zina chaji hasi, lakini atomu nzima haina chaji. Basi lazima ndani yake kuwe na chaji chanya ya kuzisawazisha. Chaji hiyo imekaa wapi, na ina umbo gani? Hakuna aliyejua. Thomson akachagua umbo lililokubali hesabu kuliko mengine yote: tufe. Chaji chanya, alisema, imeenea sawasawa katika tufe zima la atomu, tangu katikati hadi ukingoni, na elektroni zimepachikwa humo humo ndani.

Tufe la namna hiyo lina sifa ambayo maumbo mengi hayana. Uga wake wa umeme unaweza kujulikana kwa usahihi kamili mahali popote, ndani na nje, kwa hesabu ya mistari michache. Matokeo yakichorwa kwenye grafu, umbali kutoka katikati ukiwa kwenye mhimili wa mlalo na nguvu ya uga kwenye mhimili wa wima, hutokea umbo lisilosahaulika: mstari mnyoofu unaoanzia sifuri na kupanda hadi kwenye uso wa tufe, kisha pembe kali, kisha mkunjo unaoshuka, kwanza kwa kasi halafu polepole, bila kufika sifuri kamwe. Miaka 7 baada ya Thomson kuchapisha picha yake, kilele cha grafu hiyo ndicho kilichomfanya mwanafunzi wake wa zamani aikatae.

Ili kuiona grafu hiyo inavyozaliwa, ni lazima kuanza na uga wenyewe. Mahali penye uga wa umeme, chaji yoyote ikiwekwa hupata msukumo. Uga ni kipimo cha msukumo huo kwa kila kulombu moja ya chaji, na hupimwa kwa volti kwa mita. Mfaransa Charles Coulomb alionyesha mwaka 1785 kwamba msukumo kati ya chaji mbili ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, msukumo hubaki robo, ukiongezeka mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Kwa chaji Q iliyojikusanya kwenye nukta moja, uga kwenye umbali r ni E = kQ/r², ambapo k ni takribani bilioni 9 katika vipimo vya kimataifa.

Lakini tufe si nukta. Lina vipande vya chaji visivyo na idadi, kila kimoja kikiwa na umbali wake na kikisukuma upande wake. Mtu akisimama nje ya tufe, vipande vya karibu humsukuma kwa nguvu, vya mbali humsukuma kidogo, na vya pembeni humsukuma kwa mshazari. Ingetarajiwa jumla yake iwe hesabu ya kuchosha. Isaac Newton alishaimaliza kazi hiyo mwaka 1687, ingawa yeye alikuwa akishughulikia uvutano wa sayari, si umeme. Kwa kuwa uvutano nao hupungua kwa mraba wa umbali, uthibitisho wake unahamia kwenye umeme bila kubadilishwa chochote: kwa aliye nje, tufe lenye chaji iliyoenea sawa hufanya kazi kana kwamba chaji yake yote imekusanyika kwenye nukta ya katikati. Si kwa makadirio, bali kwa usahihi kamili, hata kama amesimama milimita moja tu kutoka kwenye uso.

Kwa hiyo nusu ya grafu imepatikana. Kuanzia uso wa tufe kwenda nje, mkunjo ni ule ule wa Coulomb, kQ/r².

Sehemu ya ndani ndiyo inayowatatiza wengi, na ndiyo yenye uzuri zaidi. Tufe na lifikiriwe kama kitunguu chenye maganda membamba mengi yaliyofunikana, na mtu amesimama mahali fulani ndani yake, si katikati wala si ukingoni. Maganda yamegawanyika makundi mawili: yale yaliyo nje zaidi ya aliposimama, na yale yaliyo ndani zaidi. Swali ni kila kundi linamsukuma kiasi gani.

Kwanza ganda la nje. Kutoka aliposimama, mtu huyo achore pia mbili nyembamba zinazoelekea pande zinazopingana, kila moja ikikata kipande kidogo cha ganda. Upande mmoja ganda liko karibu, kwa hiyo pia inakata kipande kidogo chenye chaji chache. Upande wa pili ganda liko mbali, na pia imetanuka, kwa hiyo kipande ni kikubwa na chaji ni nyingi. Ganda likiwa mbali mara tatu, kipande kinakuwa kikubwa mara tisa, kwa sababu eneo hukua kwa mraba wa umbali. Lakini msukumo wa kila chembe ya chaji umepungua mara tisa, kwa sababu nao hushuka kwa mraba wa umbali. Tisa kwa tisa zinafutana. Kipande kidogo cha karibu na kipande kikubwa cha mbali vinasukuma kwa nguvu sawa kuelekea pande tofauti, na jumla yake ni sifuri. Pia zote za ganda zima zikipangwa jozi jozi kwa namna hiyo, hakuna msukumo unaobaki. Ganda la nje, hata likiwa na chaji nyingi kiasi gani, halimsukumi kabisa aliye ndani yake.

Hapa kuna jambo la kusimama kidogo. Kufutana huko kunategemea kabisa kwamba kani hupungua kwa mraba wa umbali, si zaidi wala si pungufu. Kama kani ingepungua kwa kiwango kingine chochote, hata kwa tofauti ndogo sana, ndani ya ganda kungebaki msukumo unaoweza kupimwa. Henry Cavendish aliitumia hoja hiyo kwa kinyume huko Uingereza katika miaka ya 1770: alilifungia tufe la metali ndani ya ganda la metali, akavipa chaji, kisha akapima kama tufe la ndani limebaki na chaji yoyote. Hakuona kitu, na kutokana na ukimya huo wa kipimo chake akajua kanuni ya mraba wa umbali kabla Coulomb hajaitangaza.

Sasa yamebaki maganda ya ndani, yale yanayounda tufe dogo lenye nusukipenyo r, kuanzia katikati hadi pale mtu aliposimama. Kwa tufe hilo dogo, yeye yuko juu ya uso wake, kwa hiyo kanuni ya nje inatumika: ni kana kwamba chaji yake yote iko katikati. Chaji hiyo ni kiasi gani? Kwa kuwa imeenea sawa, inalingana na ujazo, na ujazo wa tufe hukua kwa kipeo cha tatu cha nusukipenyo. Ikiwa tufe zima lina nusukipenyo R na chaji Q, sehemu ya ndani ina Q × r³/R³. Kigawanye kiasi hicho kwa r², kama Coulomb anavyotaka, na r³ inabaki r peke yake:

E = kQr/R³

Kinachopatikana ni mstari mnyoofu. Mashindano ni kati ya chaji inayoongezeka kwa kipeo cha tatu na umbali unaoidhoofisha kwa kipeo cha pili, na chaji inashinda kwa hatua moja. Katikati kabisa uga ni sifuri, kwa sababu pande zote zinasukuma sawa. Nusu ya njia kuelekea usoni, uga ni nusu ya kilele. Kwenye uso wenyewe, r ikiwa sawa na R, kanuni ya ndani inatoa kQ/R², na kanuni ya nje inatoa kQ/R² vile vile. Hizo mbili zinakutana bila kuachana, na huo ndio ukaguzi wa kwanza wa kufanya kwa yeyote anayeichora grafu: mistari yake isipogusana usoni, kuna mahali hesabu imekwenda upande.

Kinachobadilika ghafla usoni si kimo cha grafu bali mwinamo wake. Ndani, grafu inapanda. Mara tu inapovuka uso, inaanza kushuka kwa ukali maradufu ya ule iliopandia. Hata hivyo ukali huo haudumu. Ukienda nje hadi mara 1.41 ya nusukipenyo, uga umefika nusu ya kilele. Kwenye mara mbili umebaki robo. Kwenye mara tatu umebaki sehemu moja ya tisa.

Makosa ya kawaida kuhusu grafu hii yana chanzo kimoja: kuchanganya tufe hili na tufe la metali. Katika metali chaji ziko huru kutembea, na kwa kuwa zinasukumana, zote hukimbilia usoni. Tufe la metali lenye chaji kwa hiyo ni ganda tupu kwa upande wa umeme, na ndani yake uga ni sifuri kila mahali. Grafu yake inalala chini hadi R, kisha inaruka wima hadi kilele. Mstari unaopanda taratibu unahitaji chaji zilizokwama mahali pake, zimeenea katika ujazo wote, na zisizoweza kuhama. Vitu vya namna hiyo si vingi mezani pa maabara. Thomson aliamini kwamba kila atomu ni kimojawapo.

Na picha yake ilikuwa na mvuto wa kweli. Elektroni iliyo ndani ya tufe la chaji chanya huvutwa kurudi katikati kwa kani inayokua sawia na umbali wake. Kani ya aina hiyo ndiyo hufanya kitu kitetemeke kwa mdundo mmoja thabiti, iwe kimevutwa kidogo au sana. Elektroni inayotetemeka hutoa mwanga, na atomu zinajulikana kutoa mwanga wa rangi maalumu. Tufe lenye nusukipenyo cha sehemu moja ya bilioni kumi ya mita, ukubwa unaofaa kwa atomu, likiwa na chaji ya elektroni moja, linaipa elektroni mitetemo kama trilioni 2,500 kwa sekunde. Huo ni mwanga wa urujuanimno, na haidroji kweli hutoa mwanga wa eneo hilo. Ubaya ni kwamba mstari mnyoofu wa grafu hutoa mdundo mmoja tu, ilhali haidroji ina mistari mingi ya rangi: mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanometa 656, wa samawati-kijani wa 486, wa urujuani wa 434, na mingine kadhaa. Grafu rahisi mno ilizaa atomu rahisi mno. Ila hilo peke yake halikutosha kuiangusha.

Kilichoiangusha kilitokea Manchester, katika maabara ya Ernest Rutherford, mzaliwa wa Nyuzilandi aliyewahi kusoma chini ya Thomson huko Cambridge. Huko Mjerumani Hans Geiger na kijana wa miaka 20, Ernest Marsden, walikuwa wakirusha chembe za alfa kwenye utando mwembamba wa dhahabu. Chembe ya alfa hutoka yenyewe kwenye vitu vya mnururisho, ina chaji chanya mara mbili ya ile ya elektroni, na uzito wa elektroni kama 7,300. Walikaa gizani hadi macho yazoee, kisha wakatazama kwa hadubini kioo kilichopakwa zinki salfaidi. Kila chembe ilipokigonga, nukta ya mwanga ilimetameta mara moja na kuzimika. Kazi ilikuwa kuzihesabu, moja moja, kwa kila pembe.

Chembe karibu zote zilipita zikiwa zimepinda kidogo tu. Utando wa dhahabu ulikuwa na unene wa kama sentimita 0.00004, na pembe iliyojitokeza zaidi ilikuwa chini kidogo ya digrii moja. Lakini mwaka 1909 Geiger na Marsden waliripoti kwamba chembe chache zilirudi nyuma. Kwa utando kama ule, takribani chembe 1 kati ya 20,000 ilipindishwa kwa wastani wa digrii 90.

Je, tufe la Thomson lingeweza kufanya hivyo? Hesabu inaweza kufuatwa hapa hapa. Atomu ya dhahabu ina chaji chanya 79 za kiasi cha elektroni, na nusukipenyo chake ni kama pikometa 144, yaani mita 1.44 × 10⁻¹⁰. Tuipendelee picha ya Thomson kwa kuziacha kando elektroni zinazoipunguza nguvu chaji hiyo. Kilele cha uga kiko usoni, na ni kQ/R², ambayo inatoa volti trilioni 5.5 kwa kila mita. Namba hiyo inatisha ukikumbuka kwamba hewa ya kawaida hupasuka na kutoa cheche kwenye volti milioni 3 tu kwa mita. Lakini uga huo unashika eneo dogo mno, na chembe ya alfa inalivuka kwa muda mfupi mno. Ukipanda kutoka mbali hadi kwenye uso wa atomu, jumla ya volti ni 790 tu. Ukiendelea ndani hadi katikati, zinaongezeka mara moja na nusu, zikafika karibu 1,190. Chembe ya alfa, kwa kuwa chaji yake ni mbili, inahitaji elektroni-volti zipatazo 2,400 kukipanda kilima hicho hadi kileleni. Nayo, ikiwa imetoka kwenye mnururisho wa jamii ya radiamu, inakuja na elektroni-volti milioni 7.7.

Tufe la Thomson haliwezi kuisimamisha, sembuse kuirudisha. Kuipindisha pia ni kwa kiasi kidogo sana: ikipita pale uga ulipo mkali kuliko kote, karibu na uso, inapinda kwa digrii 0.012 hivi. Elektroni zilizomo nazo hazisaidii, kwa kuwa ni nyepesi mno kuisukuma chembe nzito namna ile zaidi ya sehemu ndogo kama hiyo.

Thomson mwenyewe angejibu kwamba chembe haipiti kwenye atomu moja, inapita kwenye nyingi. Ni kweli. Katika utando ule kuna matabaka ya atomu yapatayo 1,500. Mapindo yakija ovyo, mara huku mara kule, mengi yanafutana na jumla inafika kama nusu digrii. Hiyo haiko mbali na ile pembe ndogo ambayo Geiger aliipima, na ndiyo maana picha ya Thomson haikuonekana ya kipuuzi: kwa chembe nyingi, ilikaribia ukweli. Lakini chukua hali isiyowezekana kabisa, kwamba matabaka yote 1,500 yameamua kuipindisha chembe upande ule ule, kila moja kwa kiwango chake cha juu. Jumla ni digrii 18. Digrii 90 haifikiki hata kwa bahati ya ajabu kuliko zote, na Marsden alikuwa akiziona nukta hizo za mwanga kwa macho yake.

Rutherford alichapisha jibu lake mwaka 1911, na mtu aliyeielewa grafu ya tufe anaweza kulifikia mwenyewe. Kiasi cha chaji hakiwezi kuongezwa, kwani dhahabu ina chaji ile iliyonayo. Kilichobaki kubadilishwa ni R. Katika kQ/R², nusukipenyo kikipungua nusu, kilele kinapanda mara nne, na kinahamia karibu zaidi na katikati. Sehemu ya nje ya mkunjo haibadiliki hata kidogo; inarefushwa tu kuelekea ndani, ikipanda na kupanda pale ambapo grafu ya awali ilikuwa imeshageuka kushuka kuelekea sifuri. Kulibana tufe ni kuendelea kuupandisha mkunjo wa Coulomb mahali ambapo Thomson alikuwa ameukata.

Libane hadi wapi? Hadi volti zitoshe kuisimamisha chembe yenye elektroni-volti milioni 7.7 inayokuja moja kwa moja. Hesabu inatoa umbali wa mita 3 × 10⁻¹⁴, yaani femtometa 30, ambayo ni karibu sehemu moja ya 5,000 ya nusukipenyo cha atomu. Rutherford, akitumia makadirio ya chaji 100 kwa dhahabu na chembe zenye kasi ya karibu kilomita 20,900 kwa sekunde, alipata femtometa 34. Chaji yote iliyoisukuma chembe lazima iwe imejikusanya ndani ya umbali wa namna hiyo.

Kuna jambo la kuvutia katika makala yake ya 1911 ambalo husimuliwa mara chache. Tufe lenye chaji iliyoenea sawa halikufukuzwa humo. Rutherford aliiweka chaji moja kwenye nukta ya katikati, kisha akaizungushia tufe la chaji ya kinyume lililoenea sawa hadi ukingo wa atomu, na kanuni yake ya uga ndani ya atomu ilisomeka Ne(1/r² − r/R³), ambapo Ne ni chaji ya katikati. Sehemu ya kwanza ni nukta ya Coulomb. Ya pili, r/R³, ni ule ule mstari mnyoofu wa Thomson, sasa ukiwa na alama ya kutoa mbele yake. Karibu na katikati sehemu ya pili ni ndogo kiasi cha kutohesabika, na chembe ya alfa inaona kiini kitupu. Kwenye ukingo wa atomu, r ikiwa R, sehemu mbili zinafutana na uga unakuwa sifuri, kama inavyotakiwa kwa atomu isiyo na chaji.

Hata hivyo jibu la Rutherford lilikuwa na mpaka, na mpaka huo umo ndani ya grafu yenyewe. Chembe za alfa zilizogeukia kwenye femtometa 30 zilikuwa bado nje ya kiini. Na aliye nje ya tufe huona kQ/r² tu. Hawezi kujua kama ndani kuna tufe lililojaa, ganda tupu au nukta, kwa sababu zote tatu zina mkunjo mmoja wa nje. Vipimo vya Manchester viliweza kusema kiini ni kidogo kuliko kiasi fulani. Ukubwa wake halisi, na jinsi chaji ilivyokaa humo, havikuweza kuvisema. Kuujua upande wa kushoto wa kilele kunahitaji kitu kinachoingia ndani.

Kitu hicho kilikuwa elektroni yenye nishati kubwa. Katika miaka ya 1950, Robert Hofstadter na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizirusha elektroni zenye nishati ya zaidi ya elektroni-volti milioni 100 kwenye viini vya dhahabu na vya elementi nyingine. Elektroni huvutwa na kiini badala ya kusukumwa, na nguvu kali za ndani ya kiini hazizigusi, kwa hiyo hupenya na kuonja uga wa umeme ulivyo humo. Zilipotawanyika, idadi yao kwenye pembe kubwa ilikuwa pungufu sana kuliko ile ambayo nukta ingetoa, na kutokana na upungufu huo iliwezekana kuhesabu chaji imeeneaje. Kazi hiyo ilimpa Hofstadter Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1961.

Ilionekana kwamba Thomson alikuwa amekosea ukubwa, si umbo. Ndani ya kiini cha dhahabu chaji imeenea karibu sawasawa, kama alivyoifikiria kwa atomu nzima. Tufe lililo sawa na kiini hicho lina nusukipenyo cha femtometa 7, ambako kilele cha uga kinafika volti 2.3 × 10²¹ kwa mita, mara milioni 420 ya kile cha tufe la Thomson, kwa chaji ile ile.

Tofauti moja ilibaki. Kiini halisi hakina uso mkali. Chaji yake inabaki imara kutoka katikati, kisha inafifia katika ukanda wenye unene wa femtometa 2.3 hivi, na nusu ya ufifiaji huo inafikiwa kwenye femtometa 6.4. Kwa hiyo ile pembe kali ya grafu inaviringika na kuwa mgongo mpole. Kilele chake kiko mahali ambapo msongamano wa chaji pale pale umeshuka hadi theluthi mbili ya wastani wa msongamano wa kila kilichomo ndani zaidi. Msongamano ukizidi theluthi mbili hizo, uga bado unapanda kadiri unavyokwenda nje. Ukipungua, uga umeshaanza kushuka.

Kanuni hiyo ya theluthi mbili inafanya kazi kwa uvutano pia, na inaeleza kwa nini Dunia haifuati mstari mnyoofu ambao vitabu vingi huuchora. Wastani wa msongamano wa Dunia ni gramu 5.5 kwa sentimita ya ujazo, na theluthi mbili yake ni karibu 3.7. Miamba ya juu ina kama 2.7 tu. Hivyo mtu anayeshuka mgodini hazidi kuwa mwepesi. Uvutano unaongezeka kidogo kadiri anavyoteremka, na unaendelea kubaki karibu pale pale hadi kwenye kiini cha Dunia kilicho chini ya kilomita 2,890, ndipo unapoanza kuporomoka kuelekea sifuri. George Airy alilipima jambo hili mwaka 1854 katika mgodi wa makaa ya mawe wa Harton, kaskazini mwa Uingereza, kwa kulinganisha timazi mbili za saa, moja juu na nyingine chini kwenye kina cha zaidi ya mita 380. Ile ya chini ilitangulia kwa sekunde 2 na robo hivi kila siku.